Nukuu iliyopoteza sharti lake

Makala yangu ya kwanza ndefu ya mahojiano ilihusu muda wa kutumia viuavijasumu, na niliyemhoji alikuwa daktari bingwa wa magonjwa ya kuambukiza. Nilimweleza kwanza makala itasomwa na nani, kisha, kinasa sauti kikiwa kimewashwa, nikamwomba atamke kwamba amekubali kurekodiwa na kutajwa kwa jina na cheo. Tuliafikiana pia kwamba jambo asilotaka lichapishwe atanitahadharisha kabla ya kulisema, kwa kuwa mabishano mengi huzuka pale sharti hilo linapotolewa baada ya kauli. Alifanya hivyo mara moja, alipotaka kugusia habari za mgonjwa wake, nami nikazima kinasa.

Niliandika mazungumzo yote neno kwa neno, na kando ya kila nukuu niliyoichagua nikaweka dakika yake. Kwenye dakika ya 14 alikuwa amesema: “Kwa mtu mzima mwenye nimonia isiyo kali, ambaye homa imeshuka na anapumua vizuri, siku 5 zinaweza kutosha, lakini uamuzi huo ni wa anayemtibu.” Kwa kuwa nafasi ilikuwa finyu, rasimu yangu ilibaki na maneno haya: “Siku 5 zinaweza kutosha.”

Kabla ya kuchapisha nilimtumia nukuu zake, kila moja pamoja na sentensi zangu zinazoizunguka, bila kumpa makala nzima. Nilikuwa nimemweleza mapema kwamba anaweza kusahihisha kosa la ukweli, lakini hatabadilisha aliyoyasema kwa ajili tu ya kuyalainisha. Alinijibu siku hiyo hiyo: “Maneno ni yangu, maana si yangu.” Alikuwa na haki kabisa. Mgonjwa ambaye ameandikiwa dawa za siku nyingi zaidi angeweza kuisoma nukuu ile na kuziacha siku ya 5, hata kama ugonjwa wake si nimonia.

Niliirudisha kauli nzima, na ili kupata nafasi nikafuta aya yangu ya utangulizi, ambayo kwa kweli haikuwa na jambo jipya. Tangu hapo, nukuu ikinizidi urefu, naieleza kwa maneno yangu bila alama za kunukuu, nikimtaja msemaji na kuhifadhi masharti yake.

Likabaki neno lake jingine katika mahojiano hayo, “tafiti zimeonyesha”. Nilimwuliza ni tafiti zipi, akanitumia ripoti moja, nikaisoma na kukuta kwamba waliochunguzwa walikuwa watu wazima pekee. Hivyo matokeo niliyahusisha na watafiti wenyewe, maoni kuhusu matibabu nikayaacha chini ya jina la daktari, na nikaongeza sentensi moja kwamba watoto hawakuwemo katika uchunguzi huo. Sentensi hiyo nayo nilimsomea kwa simu, akaikubali kama ilivyo.