Jina moja, sehemu tatu: nilivyoimaliza foleni ya beji mlangoni

Mwaka wa kwanza niliposimamia mapokezi ya mkutano wa walimu wa sayansi pale Morogoro, foleni ilianzia mezani, ikashuka ngazi na kuishia kwenye maegesho ya magari. Walioandikishwa walikuwa 412. Kikao cha saa tatu kilianza saa nne kasorobo, na wapo waliokosa mada nzima ya kwanza wakiwa wamesimama juani.

Nilikuwa nyuma ya meza ya herufi M alipofika mwalimu mkuu mmoja mstaafu.

"Shikamoo mwalimu. Jina lako tafadhali?"

"Marahaba mwanangu. Mushi."

Binti wa mezani akapekua M zote, akarudia, hakuna kitu. Akamwomba mzee asubiri pembeni. Mzee akasema, "Nimejiandikisha mapema kabisa, angalia vizuri." Baada ya dakika tatu hivi beji ikaonekana kwenye meza ya E, kwa sababu kwenye fomu alianza na jina lake la kwanza, Elia, wakati wenzake wengi walianza na jina la ukoo. Alipoivaa, mimi niliyekuwa hatua moja kutoka kwake ilinibidi niiname ili nisome. Nembo ya mkutano ilichukua nusu ya kadi, na chini yake majina matatu kwa herufi kubwa tupu, saizi 14.

Siku ile nilielewa kwamba foleni na herufi ndogo zilitoka kwenye kosa moja. Hatukuwa tumeamua mtu anaitwa nani. Fomu iliuliza "majina matatu", orodha ikapangwa kwa jina lolote lililotangulia, beji ikachapwa yote matatu, na mtu akifika mezani anataja lile analoitwa kazini kwake. Mchaga wa Moshi atasema jina la ukoo, dada wa Tanga atasema Mwanahamisi, na wote wawili wako sahihi.

Mwaka uliofuata tulikuwa 640, nikaanzia kwenye fomu. Majina kamili yalibaki kwa ajili ya cheti, lakini niliongeza swali moja: "Tukikuita ukumbini, tukuite jina gani? Andika moja tu, bila cheo." Mzee wetu akaandika Mushi. Jina hilo moja ndilo lililochapwa kwa maandishi makubwa, ndilo lililopanga beji kwenye maboksi, na ndilo lililotajwa kwenye bango la meza: "Tafuta herufi ya kwanza ya jina unaloitwa". Jioni ya kuamkia mkutano kila mtu alipata ujumbe wa simu: "Beji yako ipo kwa jina Neema, meza ya 4." Kwa hiyo hata aliyesahau alichoandika alifika anajua.

Orodha iliporudi niliisafisha kwenye jedwali la kompyuta. Nusu ya watu huandika majina yao kwa herufi kubwa zote, na wengine huacha nafasi mbele ya jina, ambayo huliharibu pangilio kwa sababu nafasi huhesabiwa kabla ya A. Fomula hii inatibu yote mawili:

```
=PROPER(TRIM(B2))
```

Ina kasoro moja ambayo sisi wa huku lazima tuijue. Herufi inayofuata kistari cha juu huifanya kubwa, hivyo Ng'wandu anageuka Ng'Wandu. Nilitafuta kila jina lenye kistari hicho na kulirekebisha kwa mkono. Yalikuwa tisa. Mtu aliyeishi na jina lake miaka arobaini huliona kosa hilo kabla hajaona kingine chochote kwenye beji.

Sasa herufi. Macho mazuri yakiwa mita 3 yanaweza kutambua herufi yenye urefu wa milimita 4 na nusu hivi, lakini hapo ndipo mwisho wa uwezo wake: mwanga mzuri, mtu ametulia. Walimu wetu wengi wamevuka miaka arobaini na tano, ukumbi una mwanga hafifu, na beji inayumba kifuani. Nikalenga mara mbili na zaidi ya kiasi hicho. Kwa mwandiko mnene usio na vikia, kama Arial Bold, saizi 60 inatoa herufi kubwa ya milimita 15 na herufi ndogo kama "a" au "e" ya milimita 11. Majina yenye herufi zaidi ya kumi, kama Christopher na Mwanahamisi, niliyashusha hadi saizi 48 ili yasivunjike mstari. Nilichapa jina kwa herufi kubwa mwanzoni tu na ndogo zinazofuata. Majina mengine yalikaa chini kwa saizi 20, kisha shule, na nembo ikawa ukanda mwembamba chini kabisa. Wino mweusi, karatasi nyeupe. Kamati ilitaka rangi ya kijani nyuma ya jina. Nikachapa mbili, moja ya kijani na moja nyeupe, nikamwomba mwenzangu asimame nazo mwisho wa korido. Hawakuendelea kubishana.

Kwa saizi hiyo, kadi ya ukubwa wa kitambulisho haitoshi. Beji ilibidi iwe A6 ya kulala, yaani milimita 148 kwa 105. Hapo kuna adha nyingine inayojulikana na kila aliyewahi kuvaa kamba ya shingoni yenye ndoano moja: beji inageuka, na unabaki unasoma mgongo mweupe. Kuchapa pande mbili kwenye karatasi nene kulisumbua. Mashine ya steshenari ilikwama mara kwa mara, na upande wa pili ukahama milimita kadhaa, hivyo kata ikala majina. Nilichofanya ni kuchapa upande mmoja tu wa karatasi ya gramu 200 kisha kuikunja. Karatasi ya A4 inakatwa katikati ikatoa A5 mbili, na kila A5 ikikunjwa inakuwa beji ya A6 yenye jina mbele na nyuma. Angalizo ni kwamba jina la nusu ya juu lazima lichapwe kichwa chini miguu juu, ndipo likikunjwa lisimame wima. Tundu la ndoano linapigwa karibu na mkunjo, likipita tabaka zote mbili, kwa hiyo halichaniki upesi. Karatasi inatumika mara mbili zaidi, ndiyo, lakini hatukununua mifuko ya plastiki, ambayo hung'aa chini ya taa na kuficha jina.

Jambo lililoniokoa usiku mzima wa kazi ni mpangilio wa uchapaji. Mwaka wa kwanza tulichapa beji nane kwa karatasi, kwa kufuatana. Tulipokata rundo zima kwa mashine tukapata mafungu manane: la kwanza lina wa 1, wa 9, wa 17, la pili wa 2, wa 10, wa 18. Watu wanne tulikaa sakafuni hadi saa saba usiku tukizipanga upya. Safari hii beji zilikuwa mbili kwa karatasi, karatasi 320. Nilitaka nusu moja ya rundo ibebe wa 1 hadi 320 na nusu ya pili wa 321 hadi 640. Baada ya kupanga orodha kwa jina la kuitwa, safu ya A nikaipa namba 1 hadi 640, kisha safu mpya ikapata hii:

```
=IF(A2<=320,2*A2-1,2*(A2-320))
```

Unabandika matokeo kama namba tupu, unapanga orodha yote kwa safu hiyo, ndipo unaiunganisha na kielelezo cha beji. Karatasi ya kwanza inatoka na wa 1 na wa 321, ya pili wa 2 na wa 322. Ukikata rundo katikati, fungu la pili unaliweka nyuma ya la kwanza na alfabeti imekamilika. Kabla ya kuchapa zote, chapa karatasi sita uzikate uone, kwa sababu mashine inayotoa karatasi uso juu inalipindua rundo zima.

Meza nazo sikuzigawa kwa kukisia. Mwaka wa kwanza tuligawa alfabeti sehemu nne sawa, na meza ya M hadi R ikazama. Kwa majina ya ukoo ya Tanzania hilo halikwepeki: Mushi, Mosha, Massawe, Mbwambo, Msuya, na wa Mbeya wote wanaoanza na Mwa. Safari hii nilihesabu kila herufi:

```
=COUNTIF(C2:C641,"M*")
```

A hadi D zilikuwa 149, E hadi I 163, J hadi M 176, N hadi Z 152. Nne zinazokaribiana. Mabango niliyatundika juu ya vichwa vya watu, kwani la kubandikwa mbele ya meza linazibwa na watu watatu wa kwanza. Beji hazikutandazwa. Zilisimama kwenye maboksi ya viatu, na vipande vya manila vikitenga herufi. Ukizitandaza, kila mtu anainama kutafuta mwenyewe, na anazisoma zikiwa zimempa kisogo. Kamba zilining'inia kwenye msumari pembeni. Zikifungwa mapema zinasukana ndani ya boksi, na kila beji inatoka na wenzake wawili.

Kubwa kuliko yote, niliiondoa karatasi ya sahihi ya posho mezani. Hiyo ndiyo iliyokula muda. Mtu akisaini, akaandika namba ya simu na ya benki, dakika inapita. Kwa dakika moja kila mtu, meza moja inahudumia 60 kwa saa, na kama 480 wanafika kati ya saa moja na nusu na saa mbili na nusu, unahitaji meza nane. Kwa sekunde 20, meza moja inahudumia 180, na tatu zinatosha, ya nne ikiwa akiba. Sahihi zikahamia meza nyingine, wakati wa chai.

Mbali kidogo na foleni iliwekwa meza ya tano ya marekebisho, yenye beji 40 zisizo na jina na kalamu nene nyeusi. Aliyekosewa jina au asiye kwenye orodha alielekezwa huko palepale, bila mjadala mbele ya wenzake. Watu 27 walipita hapo. Printa ndogo tuliyoipeleka haikufanya kazi, umeme ulikatika saa mbili kasoro, lakini kalamu ilitosha.

Saa mbili na dakika 35 hapakuwa na mtu mlangoni. Mzee Mushi alitaja jina, akapewa beji, akaishika kwa mbali kama mtu asiye na miwani yake, akaisoma, akaivaa.

Wakati wa maswali mwenyekiti aliwaita kwa majina walioketi safu mbili za mbele. Nyuma ya hapo, kutoka jukwaani, hata saizi 60 haisomeki, na tuliendelea kuwaomba wasimame wajitambulishe.