RAM yangu ya 3200 ilikuwa ikikimbia kwa 2133

Kompyuta yangu ina prosesa ya Ryzen 5 3600 na vijiti viwili vya RAM aina ya DDR4, gigabaiti 8 kila kimoja. Boksi lao limeandikwa 3200. Nilipofungua Task Manager, sehemu ya Performance kisha Memory, kasi iliyoonekana ni 2133. CPU-Z ikaniambia 1066, nayo haikukosea: DDR hupeleka data mara mbili kwa kila mpigo, kwa hiyo namba hiyo huzidishwa kwa mbili.

Muuzaji hakuwa amenidanganya. Kila kijiti kina chipu ndogo iliyohifadhi orodha ya kasi zake. Kompyuta ikiwashwa, bodi mama huchagua kasi ya kawaida iliyo salama kwa volti 1.2. Ile 3200 ya kwenye boksi langu inahitaji volti 1.35, na imeandikwa kwenye profaili ya pembeni ambayo haiguswi mpaka mwenyewe uiwashe. Vipo vijiti vinavyofika 3200 kwa volti 1.2 bila profaili yoyote, ila kwa kawaida huchelewa zaidi kujibu.

Niliwasha upya, nikabonyeza Delete kuingia BIOS, nikachagua profaili hiyo, iliyoitwa XMP Profile 1, nikahifadhi. Bodi nyingine huiita DOCP, na kwenye DDR5 za AMD utakuta EXPO. Skrini ilikaa nyeusi kidogo, jambo la kawaida bodi inapoipima RAM upya. Kisha nikaacha MemTest86 ifanye kazi usiku kucha, maana RAM isiyotulia huharibu mafaili kimyakimya kabla hata kompyuta haijazima. Ingetoa kosa hata moja, ningeshusha hadi 3000.

Kwenye gemu, matokeo yalitegemea nani anamsubiri nani. Counter-Strike 2, kwa 1080p na michoro ya chini, ilipanda kutoka fremu 150 hivi kwa sekunde hadi karibu 170. Kilichonifurahisha zaidi ni kule kukwamakwama katikati ya mapigano, ambako kulipungua sana. Hapo prosesa ndiyo ilikuwa ikisubiri data: kwa 2133 yenye CL15, yaani mipigo 15 ya kusubiri, RAM huchukua kama nanosekunde 14 kuanza kujibu, na kwa 3200 yenye CL16 ni 10. Tena kwenye Ryzen hizi, njia inayounganisha sehemu za ndani za prosesa hufuata mwendo wa RAM, kwa hiyo nayo iliongezeka kasi.

Cyberpunk 2077 yenye michoro ya juu haikubadilika hata kidogo. Kadi ya picha ilikuwa inafanya kazi kwa asilimia 98 kabla na baada. Ukiona hivyo kwenye gemu lako, washa profaili kwa kuwa ni bure, lakini fremu zaidi zitatoka kwenye kadi, au kwa kushusha michoro.

Kabla ya kununua, angalia pia bodi. Bodi za H410 zenye prosesa ya i5-10400 huishia 2666, hata ukizipa vijiti vya 3600.