Kadi iliyofomatiwa: klipu ya muheme ya Mvumi

Jumapili usiku. Kadi ya GB 32 niliyorekodia shughuli ya jana Mvumi imefomatiwa ndani ya kamera, klipu zote 9. Dogo ninayefanya naye kazi alidhani nimeshazihamisha. Akafomati, akarekodi sekunde 40 kujaribu taa. Nilipoona nikamwambia, "Zima, toa kadi," nikasogeza kile kiswichi cha pembeni ili isiandikike tena.

Fomati ya kamera hii hufuta orodha ya faili tu, video zenyewe hubaki mpaka ziandikiwe juu. Kwa hiyo ninachohofia ni zile sekunde 40. Hapa sekunde moja hula kama MB 3, maana yake MB 120 zimeshapotea, na kamera ikishafomati huanza tena mwanzo wa kadi. Pale mwanzo palikuwa na klipu ya dakika 11 ya akina mama wakipiga ngoma ya muheme.

Sifanyi kazi kwenye kadi yenyewe. Nimeinakili nzima, baada ya kuhakikisha jina lake kwa `lsblk`:

```
sudo ddrescue -d /dev/sdb kadi.img kadi.map
```

Jumatatu. Nimeipitisha nakala kwenye PhotoRec, programu ya kurudisha faili zilizofutwa, nikachagua kadi nzima. Klipu 8 zimerudi zikiwa kamili, pamoja na ile ya taa, `f0033088.mov`. Namba hiyo ni sekta inapoanzia, kila sekta baiti 512. Muheme haimo. PhotoRec huitambua faili kwa kichwa chake, yaani baiti zake za mwanzo, na kichwa cha muheme ndicho kilichoandikiwa juu.

Jumatano. Nimepata njia. Ndani ya video kuna ramani iitwayo `moov`, inayosema kila fremu iko baiti ya ngapi tangu mwanzo wa faili. Kamera yangu huiandika mwishoni, ukibonyeza kusimamisha, kwa hiyo ramani ya muheme ilikuwa salama. Mwanzo wake nao naujua: ni palepale klipu ya taa ilipoanzia. Na kwa kuwa huwa nafomati kadi kabla ya kila shughuli, faili zimelala mfululizo bila kukatika. Nikalitafuta neno `moov` ndani ya nakala:

```
grep -abo moov kadi.img
```

Jibu la kwanza lilikuwa ramani ya taa. La pili, karibu GB 2 mbele, ndiyo yenyewe. Nikakata kwa `dd` kuanzia sekta 33088 hadi mwisho wa ramani hiyo. Ikacheza taa tu! Kichwa bado kilikuwa kinataja ukubwa wa klipu fupi, kwa hiyo pleya ilikuwa inaishia kwenye ramani ya kwanza. Ukubwa huo umo kwenye baiti 4 kabla ya neno `mdat`, linaloanzisha sehemu yenye picha na sauti zenyewe. Nikazibadilisha kwa GHex, programu ya kuhariri baiti moja moja, zifike hadi ramani ya pili.

Sekunde 40 za mwanzo ni vipande vya kijani na sauti ya mkwaruzo. Kisha picha inatulia: mama wa mbele, ngoma katikati ya mapaja, anabadili mdundo na wenzake wote wanamfuata.