Rasimu iliyomfikia afisa ajira

Jumanne iliyopita niliandika rasimu ya barua ya kuomba kazi ya utunzaji wa stoo hapa Dar es Salaam, nikakusudia kumtumia rafiki yangu aipitie kabla sijaiwasilisha rasmi. Juu yake niliweka maneno haya: “Shoga, nipunguzie chumvi hapa, hiyo Excel nimejisifia mno.”

Jina la rafiki yangu na la afisa ajira huanza kwa herufi tatu zilezile, na Gmail, ambayo hupendekeza anwani ulizokwisha kuziandikia, ilimtanguliza afisa. Nikabonyeza bila kusoma. Nafasi ya kutengua hudumu sekunde 5 tu usipoiongeza kwenye mipangilio hadi 30 (mimi sikuwahi kuigusa), na ikishapita, barua hairudi tena.

Baada ya nusu saa ya kutetemeka, nilimwandikia afisa sentensi mbili: kwamba ujumbe ule ulikuwa wa rafiki anayenihariria, na kwamba Excel naijua kwa kiwango cha kujumlisha mizigo inayoingia na kutoka, si zaidi ya hapo. Jioni alijibu: “Chumvi sasa imekolea vizuri, dada. Njoo Alhamisi, saa 3 asubuhi.”