Jinsi nilivyogeuza mhadhara wa sangara kuwa jaribio

Kikundi chetu cha kujisomea hapa Mwanza kilikuwa na nakala ndefu ya mhadhara kuhusu kutoweka kwa aina nyingi za furu, samaki wadogo wa Ziwa Victoria, lakini maswali yaliyotungwa kwa kufuata kurasa zake yaliuliza miaka na majina tu, huku hoja ya mhadhiri ikiachwa kando.

Nilianza kwa kuweka alama pembeni ya kila aya: hoja, ushahidi, mfano au istilahi. Hoja zilizobaki zilikuwa chache. Ya kwanza ilisema kwamba sangara, aliyepandikizwa ziwani miaka ya 1950, aliwala furu. Ya pili ilisema kwamba urutubishaji wa maji kutokana na mbolea na majitaka uliongeza mwani na kupunguza oksijeni, hivyo sangara si sababu pekee.

Hoja hizo nilizitungia maswali ya kuchagua, na majibu yasiyo sahihi nikayachukua kutoka maoni ambayo mhadhiri mwenyewe aliyataja na kuyapinga, kwa kuwa hayo ndiyo humnasa aliyesoma nusunusu. Istilahi kama "spishi vamizi" niliziweka katika kuoanisha, nikiongeza maana moja isiyo na mwenzake ili jibu la mwisho lisipatikane kwa sababu tu ndilo lililobaki. Swali la maelezo mafupi lilikuwa moja: "Kwa nini maji yenye ukungu wa mwani huwatatiza furu wanaochagua wenzi kwa rangi?"

Kisha nilimpa jaribio mwenzetu ambaye hakuwa amesoma nakala; kila swali alilolipatia kwa urahisi nililiandika upya.