Nilivyoomba kuwekwa kwenye orodha ya nafasi zijazo

Nilikuwa mtayarishaji wa nyaraka za forodha katika ofisi ndogo ya uwakala huko Malaba, na mkataba wangu ulikuwa umebakiza miezi michache. Kampuni moja ya usafirishaji yenye makao yake Kampala ndiyo niliyoitamani, kwa sababu malori yake yalipita mpakani kila siku na nyaraka zake nilizifahamu vizuri. Hata hivyo, kila nilipofungua ukurasa wake wa ajira nilikuta hakuna nafasi iliyotangazwa. Nikaandika barua pepe kueleza kwamba niko tayari kufanya kazi yoyote itakayopatikana, nikaambatisha wasifu wangu, nikasubiri. Miezi mitano ilipita bila jibu.

Hatimaye nilipiga simu mapokezi, nikaunganishwa na mama mmoja wa idara ya rasilimali watu, ambaye alinisikiliza kwa subira. Nilimwuliza, "Samahani madamu, barua yangu ilipokelewa?" Akanieleza kwamba ilipokelewa, lakini ilibaki katika sanduku la barua za jumla, kwa kuwa haikutaja nafasi yoyote. Nafasi inapotokea, alisema, wao hutafuta katika orodha ya waombaji kwa jina la kazi, kwa cheti na kwa mahali mtu anapoweza kufanya kazi. Mtu aliyeandika "kazi yoyote" hatokei katika utafutaji wa aina hiyo, hata awe na ujuzi wa kutosha. Naona maneno hayo machache yalinifaa kuliko ushauri wote niliokuwa nimepewa kabla ya hapo.

Niliandika upya kwa Kiingereza, kama ofisi zetu zinavyotaka. Kichwa cha barua kilisema kwamba ninaomba kuwekwa katika orodha ya nafasi zijazo kama mtayarishaji wa nyaraka za forodha, Malaba au Kampala. Ndani nilieleza kwamba nina miaka minne ya kuandaa matamko ya forodha katika mfumo wa ASYCUDA World, ambao Mamlaka ya Mapato ya Uganda huutumia, kwamba ninasomea cheti cha kanda cha mawakala wa forodha wa Afrika Mashariki, na kwamba ninaweza kuanza kazi mwezi mmoja baada ya kuitwa, kwa kuwa ndio muda wa notisi yangu. Niliongeza sentensi moja ambayo karibu niifute, kwamba ningekubali pia nafasi ya muda ya kumshikia mtu aliye likizoni. Mwisho niliuliza maswali matatu: kama orodha hiyo ipo, majina hukaa humo kwa muda gani, na nitume wapi mabadiliko ya wasifu wangu.

Mama yule alijibu baada ya siku nne. Orodha ilikuwapo, na majina yalihifadhiwa kwa miezi 12, kisha yakafutwa isipokuwa mwombaji aombe kuendelea. Alinitaka pia nithibitishe kwa maandishi kwamba ninaridhia taarifa zangu zihifadhiwe kwa ajili hiyo, kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inawadai ridhaa ya mwenye taarifa. Nilithibitisha siku ileile, nikaiandika tarehe ya kufutwa kwenye daftari langu.

Nilipopata cheti sikuanzisha barua mpya. Nilijibu katika mfululizo uleule wa barua, nikatuma wasifu mpya na kuomba uchukue nafasi ya ule wa zamani, maana nakala mbili zinazotofautiana humfanya mtu ashindwe kujua ipi ni sahihi. Zaidi ya hapo sikumsumbua.

Mwezi wa tisa tangu niingizwe kwenye orodha, nilipigiwa simu. Karani wao wa nyaraka wa Malaba alikuwa anakwenda likizo ya uzazi, ambayo kwa sheria yetu ya ajira ni siku 60 za kazi, na walihitaji mtu anayeujua mfumo tayari, kwa kuwa muda huo ulikuwa mfupi mno kwa kumfundisha mgeni. Sentensi niliyotaka kuifuta ndiyo iliyonipa simu hiyo. Hata hivyo nilifanyiwa usaili kama wengine wawili waliokuwa katika orodha hiyo, kwani kuwamo humo hakumpi mtu kipaumbele. Kwa ndugu wanaolenga ajira ya serikali, njia hii haitawafikisha, kwa sababu nafasi za wilaya hutangazwa na tume za utumishi za wilaya na kila tangazo huhitaji ombi lake.

Nilishika nafasi hiyo hadi karani aliporudi. Kisha nikamwandikia tena mama yule, nikaomba jina langu libaki kwenye orodha kwa miezi 12 mingine, safari hii nikiwa na kazi ya kampuni yao wenyewe katika wasifu wangu.