Nilivyoirudisha barua niliyoifuta kwa Shift na Delete

Nilikuwa nasafisha matangazo kwenye Thunderbird, programu yangu ya barua pepe. Nikabofya barua ya kwanza, nikashikilia Shift, nikabofya ya mwisho, zikachaguliwa zote 41. Kisha nikabonyeza Delete, kidole kingine kikiwa bado kwenye Shift. Katikati ya yale matangazo kulikuwa na barua ya mhariri yenye muswada aliousahihisha kwa mkono wake.

Sikushtuka mara moja. Nilifungua Trash nikijua nitaikuta, nikakuta patupu. Nikajaribu Ctrl+Z, na hiyo nayo ikagoma. Hapo ndipo jasho lilipoanza, kwa sababu akaunti yangu ni ya POP na nimeipanga iondoe barua kwenye seva ikishazipakua. Nakala pekee ilikuwa humu humu kwenye kompyuta.

Shift ikiwa imeshikiliwa, Delete haipitii Trash kabisa. Kwa kawaida programu huuliza kwanza kama kweli unataka kufuta bila kubakiza nakala, lakini mimi nilishaweka alama ya kutoulizwa tena, nikasahau.

Kilichoniokoa ni jinsi programu inavyohifadhi barua. Inbox si kabati lenye bahasha mojamoja. Ni faili moja refu la maandishi, barua zimefuatana humo, na pembeni yake kuna Inbox.msf, ambayo ni faharasa tu ya kuonyesha orodha kwenye skrini. Ukifuta kwa Delete ya kawaida, barua inanakiliwa kwenye faili la Trash, na ile ya asili ndani ya Inbox inawekewa alama kwamba imefutwa. Ukifuta kwa Shift, ile hatua ya kunakili inarukwa na inabaki alama peke yake. Kwa njia zote mbili, maneno ya barua yanaendelea kukaa ndani ya Inbox, hayaonekani tu. Ndiyo maana hata aliyemwaga Trash yote anaweza bado kuikuta barua yake kule ilikotoka.

Yanaondoka kweli pale folda inapofanyiwa Compact, yaani faili linapoandikwa upya bila zile zenye alama. Kitendo hicho unaweza kukiamuru mwenyewe, au programu ikakifanya ikiona kuna nafasi kubwa ya kuokoa. Kwa hiyo sikugusa kitu kingine. Kwenye menyu ya Help nilichagua Troubleshooting Information, nikafungua folda ya wasifu wangu, zinamokaa barua, halafu nikaifunga Thunderbird papo hapo.

Sikutaka kulichokonoa faili la asili. Nilinakili Inbox, bila ile .msf, nikaiweka ndani ya Mail/Local Folders na kuipa jina Okoa. Nikaifungua Okoa kwa kihariri cha maandishi matupu (programu ya kuandikia barua za ofisini ingeongeza mapambo yake na kuliharibu) na kutafuta kichwa cha barua ya mhariri. Faili lilikuwa zito, nikangoja. Maelezo niliyowahi kusoma yalisema barua iliyosomwa na kufutwa huwa na alama 0009 kwenye mstari wake wa hali. Yangu ilikuwa hivi:

```
X-Mozilla-Status: 000b
```

Hiyo b ilinichanganya kidogo. Kumbe hizi ni namba za msingi wa 16, ambamo b ni 11, na kila hali ina thamani yake: 1 ni imesomwa, 2 ni imejibiwa, 8 ni imefutwa. Nilikuwa nimeshamjibu mhariri, ndiyo sababu ya 11. Nikitoa ile 8 zinabaki 3, basi nikaandika 0003, nikahifadhi. Chini yake kulikuwa na mistari mingi ya herufi zisizosomeka. Huo ndio ulikuwa muswada wenyewe, kwa kuwa kiambatisho hukaa ndani ya barua.

Nilipofungua Thunderbird, folda ya Okoa ilitokea chini ya Local Folders na faharasa yake ikajengwa upya. Barua ilikuwepo. Nikafungua muswada mpaka ukurasa wa mwisho kuhakikisha haukukatika, nikaihamishia Inbox, kisha nikaifuta Okoa.

Kwa akaunti ya IMAP nisingejiamini hivi. Huko mwenye neno ni seva: barua hupewa alama ya \Deleted, na amri ya EXPUNGE ikipita haipo tena kwa kifaa chochote. Nakala ya kompyutani, kama ilikuwa imepakuliwa, unaweza kuivua kwa njia hii hii kutoka folda ya ImapMail, ila uiwahi kabla haijafanyiwa Compact.

Siku hiyo hiyo niliingia Config Editor, nikatafuta mail.warn_on_shift_delete, inayoamua kama lile swali la kabla ya kufuta liulizwe. Ilikuwa false. Nikairudisha kuwa true.